Uzi: Mpango wa biashara kwa Kiswahili na Kiingereza – namba hazilingani, tuanzie wapi kurekebisha?

Mtunza_Daftari

Wakuu, salaam. Ushirika wetu Tanzania una mpango wa kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti. Toleo la Kiswahili ni la wanachama, watalipigia kura mkutanoni. Toleo la Kiingereza linakwenda kwa mbia ambaye hasomi Kiswahili, ila mhasibu wake anasoma lugha zote mbili na ameweka matoleo hayo pamoja mezani.

Amerudisha maswali matatu. La kwanza, jumla ya gharama za uendeshaji mwaka wa kwanza kwa Kiswahili ni 64,200,000/=, kwa Kiingereza ni 54,600,000. La pili, anauliza kama jengo ni letu, kwa sababu haoni pango popote. La tatu, anataka kujua kwa nini kiwanda kinaanza kazi usiku wa manane.

Safu za gharama, Kiswahili:

Mishahara 31,200,000/=
Umeme 14,400,000/=
Kodi 9,600,000/=
Usafiri 9,000,000/=

Kiingereza kina safu hizohizo nne na tarakimu hizohizo. Mauzo ya mwaka wa kwanza ni milioni 184 na laki 5 pote pawili, na faida ghafi 83,025,000. Nifanyeje ili matoleo mawili yasome kitu kimoja, na yaendelee kusoma kitu kimoja kila tunapobadilisha namba?

---

Jembe_Jipya

Mkuu, benki nyingi zinapokea Kiingereza. Achana na Kiswahili, peleka Kiingereza tu, wanachama wasomewe kwa mdomo. Mkalimani mzuri hamkosi.

---

Hesabu_Safi

Jembe_Jipya, hakuuliza benki inataka lugha gani. Wanachama wanapigia kura namba, lazima wazione zimeandikwa.

Mtunza_Daftari, tuanze na swali la kwanza maana jibu limo ndani ya ulichoandika. Toa 54,600,000 kwenye 64,200,000, unabaki na 9,600,000. Hiyo ni safu ya Kodi yenyewe, shilingi kwa shilingi. Tofauti ya jumla mbili inapokuwa sawasawa na safu moja, usitafute kosa la hesabu. Tafuta safu ambayo haikujumlishwa kabisa.

Nakisia kilichotokea. Kiswahili kilijumlishwa kwa kikokotoo, Kiingereza kikajumlishwa na Excel. Mtu alinakili `9,600,000/=` kutoka Kiswahili akaibandika kwenye seli. Excel ikishaona `/=` mwishoni haichukui kitu hicho kama namba, inakichukua kama maandishi, na `SUM` hupita juu ya maandishi bila kulalamika. Hakuna alama ya kosa utakayoiona. Dalili pekee ya macho ni kwamba maandishi hukaa kushoto mwa seli na namba hukaa kulia, lakini mtu akishapanga safu nzima ielekee kulia, hata dalili hiyo inapotea.

Weka fomula hii pembeni, ukibadilisha masafa yafanane na ya kwako:

```
=COUNTA(C5:C40)-COUNT(C5:C40)
```

Inahesabu seli zenye kitu chochote, kisha inatoa zile zenye namba. Jibu likiwa 0, safu yote ni namba. Likiwa 1 au zaidi, kuna seli inayojifanya namba. Hakikisha masafa hayo hayana kichwa cha habari ndani yake, maana nacho kitahesabiwa.

Athari yake si ndogo. Kwa gharama sahihi, faida kabla ya riba na kodi ya mapato ni 83,025,000 kutoa 64,200,000, yaani 18,825,000, kama asilimia 10.2 ya mauzo. Toleo la Kiingereza linaonyesha 28,425,000, asilimia 15.4. Mbia anaahidiwa biashara tofauti na ile wanachama wanayoipigia kura.

---

Mtunza_Daftari

Fomula imetoa 1. Ni seli ya Kodi kweli. Nimefuta `/=` na jumla imekuwa 64,200,000. Sasa hilo la pango?

---

Pwani_Wino

Hapo suluhisho ni jepesi. Pigeni marufuku `/=` kwenye waraka wote, wekeni TZS kila mahali, lugha zote mbili. Halafu kwa maneno, tumia kutafuta na kubadilisha: kila "milioni" kwa Kiingereza chake, kila "kodi" kwa Kiingereza chake, na kadhalika. Dakika kumi umemaliza.

---

MwanaLahaja

Pwani_Wino, nusu ya kwanza nakuunga mkono, nusu ya pili ndiyo iliyoleta swali la pango.

Kodi kwa Kiswahili ni ile unayolipa serikali na ni ile unayomlipa mwenye nyumba. Msomaji wa Kiswahili akiona 9,600,000 kwenye gharama za kiwanda anajua humo mna pango, hata hasiti. Mfasiri akiweka neno moja la Kiingereza, pango linayeyuka na kuwa malipo ya serikali. Mtunza_Daftari, hiyo 9,600,000 ndani yake mna nini hasa?

---

Mtunza_Daftari

Pango la 600,000 kwa mwezi, na 2,400,000 kwa mwaka za ushuru wa halmashauri na leseni.

---

MwanaLahaja

Basi ni 7,200,000 za pango na 2,400,000 za ushuru na leseni. Zivunje ziwe safu mbili katika lugha zote mbili. Hata Kiswahili chako kinahitaji marekebisho hapo, kwa sababu chini ya jedwali lazima kutakuwa na kodi ya mapato baada ya faida, na mhasibu akiona neno "kodi" juu ya faida na tena chini yake atauliza kama mmeihesabu mara mbili.

Ndiyo maana faharasa ya istilahi huandikwa kabla ya waraka. Si kamusi ndefu. Kwa mpango kama wako istilahi 25 hadi 30 zinatosha, zile tu zinazotokea kwenye majedwali na kwenye vichwa vya sehemu. Kanuni yake ni kwamba kila upande wa kushoto una mwenzake mmoja tu kulia, na kinyume chake. Ukikuta neno moja la Kiswahili linahitaji mawili ya Kiingereza, rekebisha Kiswahili kwa kuongeza neno, usimwachie mfasiri achague kila mara.

```
mauzo                          | sales
faida ghafi                    | gross profit
faida kabla ya riba na kodi    | operating profit
pango                          | rent
ushuru na leseni               | levies and licences
kodi ya mapato                 | income tax
tunazowadai wateja             | trade receivables
tunazodaiwa na wauzaji         | trade payables
uchakavu                       | depreciation
mtaji wa uendeshaji            | working capital
```

Angalia hizo mbili za madeni. Vitabu vingi husema "wadaiwa" na "wadai", na ni sahihi kabisa. Ila wadaiwa ni wanaodaiwa na sisi, kwa hiyo ni mali yetu, na wadai ni wanaotudai, kwa hiyo ni deni letu. Msomaji wa haraka huzigeuza, na mfasiri akizigeuza hesabu haitamwumbua, kwa sababu tarakimu zinabaki palepale na mizania inaendelea kulingana. Ni majina tu yamebadilishana viti. Ndiyo maana napendelea maneno marefu yanayosema nani anamdai nani.

"Mapato" nimeliacha nje makusudi. Wengine hulitumia kwa mauzo, wengine kwa faida, wengine kwa fedha yoyote iliyoingia, mkopo ukiwemo. Kwenye jedwali liandikwe tu ndani ya "kodi ya mapato", kwa sababu hilo ndilo jina lake kisheria.

---

Hesabu_Safi

Nakubaliana na faharasa. Naongeza kwamba ikae kwenye faili lilelile la Excel lenye majedwali, kwenye karatasi yake, na vichwa vya safu za majedwali vivutwe kutoka humo. Jedwali liwe moja tu. Kiswahili na Kiingereza viwe sura mbili za jedwali hilo, na namba ziingizwe sehemu moja. Mkiwa na majedwali mawili yanayojazwa kwa mkono, yataachana siku ya kwanza mtu atakapopandisha bei ya umeme upande mmoja.

Sasa muundo wa fedha. Ndani ya seli iwe tarakimu tupu, alama ya fedha iletwe na muundo wa seli:

```
[$TZS] #,##0;([$TZS] #,##0)
```

Sehemu ya kwanza ni ya namba chanya, ya pili huweka hasi kwenye mabano. Hakuna senti, kwa hiyo hakuna `.00`. Kwenye jedwali refu hata TZS si lazima kila safu, inatosha kichwani na kwenye safu ya jumla.

Halafu, Pwani_Wino, TZS ni alama ya kimataifa na inafaa majedwalini kwa lugha zote mbili. Kwenye maelezo ya Kiswahili, "Sh" inasomeka vizuri zaidi kwa wanachama. Sioni ubaya, mradi ukurasa wa kwanza useme kwamba Sh na TZS katika waraka huu ni kitu kimoja. Hilo ni la lazima zaidi kama mbia yuko Kenya, maana huko nako Sh ni shilingi yao, ambayo alama yake ni KES.

---

Pwani_Wino

Sawa, nimeelewa la kodi. Lakini milioni haina utata. "TZS 184.5 milioni" kasoro yake ni ipi?

---

MwanaLahaja

Thamani haina utata. Mpangilio ndio unaopishana. Kiswahili hutanguliza nomino, ndipo idadi: milioni 184.5, kama tunavyosema watu watano. Kwa hiyo mimi huandika "Sh milioni 184.5". Kiingereza hugeuza.

---

Pwani_Wino

Magazeti ya Kiswahili huandika "Sh184.5 milioni" na kila mtu anaelewa. Halafu ina faida yake: tarakimu inakaa karibu na alama ya fedha katika lugha zote mbili, mhakiki anatafuta `184.5` na macho yake yanaangukia mahali palepale.

---

Hesabu_Safi

Hapa kila mmoja abaki na chake, mradi waraka mzima ufuate mmoja. Kisichokubalika ni "milioni 184 na laki 5" kwenye maandishi. Mdomoni ni Kiswahili safi na wanachama watakipenda, mtoe hivyohivyo mkutanoni. Kwenye karatasi ni mtego, kwa sababu mfasiri asiyezoea laki anaweza kuandika 184.05 badala ya 184.5. Laki moja ni 100,000, kwa hiyo laki 5 ni sehemu tano za kumi za milioni. Makosa ya aina hii yakiingia kwenye kiasi cha mkopo, hayaonekani kwa jicho kwa sababu namba yenyewe inaonekana ya kawaida.

Utaratibu wangu ni kwamba majedwali yawe na shilingi kamili, 184,500,000. Maelezo yawe na milioni zenye desimali moja. Pale namba inapohitaji desimali zaidi ili iwe kweli, kama 83,025,000, iandikwe kamili hata ndani ya sentensi. Na msitumie majedwali ya "kwa maelfu ya shilingi" kwa mpango wa ukubwa huu. Jedwali likinakiliwa bila kichwa chake, mauzo ya mwaka yanakuwa TZS 184,500, na mwanachama atashangaa kiwanda kizima kinauza chini ya laki mbili.

Kingine kidogo: kati ya Sh au TZS na tarakimu weka nafasi isiyokatika, kwenye Word ni `Ctrl+Shift+Space`. Bila hiyo, TZS hubaki mwisho wa mstari mmoja na tarakimu huanza mwingine.

---

Kivu_Biashara

Sisi huku Kongo mashariki mambo ni mengine. Tunaandika 184.500.000 kwa nukta, au kwa nafasi, na mkato ndio desimali. Mpango wangu ni wa Kiswahili na Kifaransa, fedha ni faranga na dola. Je, nifuate mkato wenu?

---

Hesabu_Safi

Kivu_Biashara, fuata mazoea ya wasomaji wako. Kiswahili hakina alama moja ya maelfu duniani kote. Tanzania na Kenya mkato hutenga maelfu na nukta ni desimali, kwenu ni kinyume kwa sababu ya Kifaransa. Hatari iko mpakani. Faili la Excel lenyewe halina shida, linatunza thamani na kila kompyuta huionyesha kwa mazoea yake. Tatizo huja mtu anaponakili kutoka PDF au barua pepe. Kwenye kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Kiingereza, `184.500` ikibandikwa inakuwa mia na themanini na nne na nusu. Ukituma upande huu, tuma faili la Excel pamoja na PDF, na uandike mstari mmoja ukurasa wa kwanza ukionyesha mfano: "1.250.000,50 ni milioni moja, laki mbili na hamsini elfu, na nusu".

Kuna na bilioni. Kiswahili chetu na Kiingereza cha leo bilioni ni milioni elfu moja. Kifaransa kitu hicho kina jina jingine, na neno lao linalofanana na bilioni ni milioni milioni. Mpango wako ukifika huko, andika tarakimu kamili.

---

Mtunza_Daftari

Limebaki la kazi ya usiku wa manane. Kiswahili chetu kinasema kiwanda kitafanya kazi "saa 2 hadi saa 12". Nadhani mfasiri aliziacha tarakimu kama zilivyo.

---

Pwani_Wino

Tumieni mtindo wa saa 24 pote, 08:00 hadi 18:00. Utata umekwisha.

---

MwanaLahaja

Kwa Kiingereza ndiyo, 08:00–18:00. Kwa Kiswahili sipendekezi. Mwanachama akiona 08:00 ataisoma saa nane, na saa nane kwake ni mchana jua likiwa kichwani. Umeuhamisha utata kutoka kwa mbia ukampelekea mwanachama.

Andika "saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni". Kosa la sentensi yenu ni kukosa kipindi cha siku. Tofauti ni saa sita, na hiyo ndiyo namba pekee kwenye waraka ambayo *lazima* ibadilike unapotoka lugha moja kwenda nyingine. Kwa hiyo mhakiki anayelinganisha tarakimu kwa tarakimu ataiona kama kosa na kuirudisha. Ili kumzuia, ongeza muda wa zamu katika matoleo yote mawili: "zamu moja yenye urefu wa saa 10". Hiyo 10 haibadiliki kwa lugha yoyote, na inaungana na hesabu ya mishahara na umeme, mahali ambapo kosa la saa lingekuwa na gharama.

---

Hesabu_Safi

Hapo umemaliza. Naongeza asilimia, kwa sababu mhasibu huyu atafika huko.

Tafuteni "asilimia 18%" au tarakimu yoyote ya namna hiyo kwenye Kiswahili. Neno na alama vinasema kitu kimoja, chagueni: neno kwenye sentensi, alama kwenye jedwali. Kisha kagueni kila "kwa" na "hadi". Mauzo kuongezeka *kwa* asilimia 20 kutoka 184,500,000 ni kufika 221,400,000. Na mkisema faida ghafi itapanda kutoka asilimia 45 ya mauzo hadi 48, hiyo ni nyongeza ya pointi 3 za asilimia. Mfasiri akiandika kwamba imepanda kwa asilimia 3, mhasibu atapiga 45 mara 1.03 apate 46.35, halafu atawauliza 48 imetoka wapi.

---

Mtunza_Daftari

Nawashukuru. Maswali mawili ya mwisho. Mbia anataka safu ya dola kwenye Kiingereza. Je, iwekwe kwenye Kiswahili pia? Na matoleo yakipishana tena baada ya kutia saini, lipi linafuatwa?

---

Hesabu_Safi

Dola: kiwango cha kubadilisha kikae kwenye seli moja, na tarehe yake pembeni, tarehe yenye jina la mwezi ili 03/04 isisomwe namna mbili. Tuseme mmechukua TZS 2,500 kwa dola, mauzo ni USD 73,800. Shilingi ndiyo ya asili, dola huzaliwa kwa fomula, kamwe isiandikwe kwa mkono. Safu hiyo nisingeiweka kwenye majedwali ya wanachama, lakini kiwango na tarehe vingekuwemo katika toleo lao, wajue mbia anasoma nini.

---

MwanaLahaja

Mimi ningeiweka safu nzima. Matoleo yakianza kutofautiana kwa idadi ya safu, ulinganifu wa jedwali kwa jedwali unakufa, na mhakiki hana pa kushika.

Toleo linalotangulia likubaliwe na pande zote na liandikwe waziwazi ukurasa wa kwanza wa matoleo yote mawili: "Iwapo matoleo haya yatatofautiana, toleo la Kiswahili ndilo litakalofuatwa", au kinyume chake. Kwenye mkataba wenyewe mwulizeni wakili, mpango wa biashara si mkataba. Ila msiseme "yote yana nguvu sawa". Hapo namba mbili zikipishana hamna njia ya kuamua.

Na sehemu zote zipewe namba zinazofanana, 4.2 ya Kiswahili iwe 4.2 ya Kiingereza, hata kama aya moja imekuwa mbili upande wa pili. Mhakiki mmoja asome tarakimu kwa sauti kutoka Kiswahili, mwingine afuatilie kwenye Kiingereza. Majedwali kwanza, maelezo baadaye.

---

Mtunza_Daftari

Tumesoma hivyo majedwali yote, yamelingana. Kwenye maelezo tumekuta "mapato" sehemu 11. Saba ni mauzo, tatu ni kodi ya mapato, na moja hatukubaliani: "mapato ya mwanachama kwa gunia". Mwenyekiti anasema ni bei anayolipwa, katibu anasema ni kinachobaki baada ya usafiri.

---

MwanaLahaja

Hiyo msimpelekee mfasiri. Rudini kwenye jedwali mwone namba hiyo imekokotolewa kwa usafiri au bila usafiri, ndipo muipe jina.